Pivoti za jana: siku inakatwa wapi, na R1 inakuambia nini

*Swali: "Mtaalamu, mimi na mwenzangu tunafanya EURUSD ndani ya siku, yeye kwa broka wake na mimi kwa wangu. Kanuni ya pivoti ni ile ile lakini mistari yetu haifanani, na kila Jumatatu yangu inabanana sehemu moja. Nani yuko sahihi? Na bei ikigusa R1, niuze tu?"*

Ndugu, kanuni yenu haina kosa. Mnachotofautiana ni jana yenyewe, kwa kuwa kila broka ameikata siku mahali pake, na hilo nitalieleza kwanza kwa sababu bila kulimaliza hakuna maana ya kuzungumzia R1.

Pivoti zilitumiwa sana na matreda wa sakafuni kule Chicago, waliokuwa wakisimama kwenye mashimo ya soko la bidhaa na mikataba ya baadaye, wakipigiana kelele na ishara za mikono. Hawakuwa na chati mbele yao. Asubuhi, kabla kengele haijalia, walichukua namba tatu za siku iliyopita, yaani bei ya juu, bei ya chini na bei ya kufungia, wakafanya hesabu ndogo kwenye kipande cha karatasi na kukitia mfukoni. Mashimo mengi ya aina hiyo yalifungwa Julai 2015, biashara ikabaki kwenye kompyuta, lakini hesabu ile imebaki kama ilivyokuwa:

```
P  = (H + L + C) / 3
R1 = 2*P - L
S1 = 2*P - H
R2 = P + (H - L)
S2 = P - (H - L)
```

H ni bei ya juu ya jana, L ni ya chini, C ni ya kufungia. P ndiyo pivoti yenyewe, R ni mistari ya rezistansi iliyo juu yake, na S ni ya sapoti iliyo chini yake. Tazama kwamba mashimo yale yalikuwa na kengele ya kufungua na kengele ya kufunga, kwa hiyo hakuna aliyebishana kuhusu bei ya kufungia. Soko la fedha za kigeni halina kengele. Linaendelea tangu Jumatatu alfajiri ya Asia hadi Ijumaa jioni ya New York bila kusimama, na kinachoitwa "kufunga" ni makubaliano tu ya mahali pa kuchora mstari. Makubaliano yaliyoenea zaidi ni saa 11 jioni ya New York. Kwa saa za Afrika Mashariki, hiyo ni saa 6 kamili usiku wakati Marekani iko kwenye saa za kiangazi, na saa 7 usiku wakati wa baridi yao.

Mabroka wengi hupanga seva zao ziwe GMT+2 wakati wa baridi na GMT+3 wakati wa kiangazi, ili usiku wa manane wa seva uangukie palepale penye saa 11 jioni ya New York. Kwetu hilo lina faida ndogo ya kupendeza: GMT+3 ndiyo saa yetu, hivyo miezi ya kiangazi saa unayoiona juu ya orodha ya bei kwenye MetaTrader inapaswa kulingana na saa ya simu yako, na miezi ya baridi iwe nyuma kwa saa moja. Ukiikuta iko nyuma kwa saa tatu, basi broka wako anatumia GMT, na siku yake inakatika saa 9 usiku. Bila shaka ndivyo ilivyo kati yako na mwenzako: mmoja wenu ana jana iliyoishia saa 6 usiku, mwingine ana jana iliyoishia saa 9.

Je, saa hizo tatu zina uzito gani? Tuchukue siku ya mfano, nimeitunga ili hesabu iwe rahisi. Jana EURUSD ilifika juu 1.0920, ikashuka hadi 1.0840, na kwa siku iliyokatwa saa 6 usiku ikafungia 1.0895. Jumla yake ni 3.2655, ukigawa kwa tatu unapata P ya 1.0885. R1 inakuwa 1.0930, S1 inakuwa 1.0850, R2 ni 1.0965 na S2 ni 1.0805. Sasa tuseme kwamba kati ya saa 6 na saa 9 usiku bei ilipanda taratibu bila kuvuka kilele cha jana, na siku ya GMT ikafungia 1.0907. Bei ya juu na ya chini ni zile zile, kilichobadilika ni pipsi 12 za kufungia. P inapanda pipsi 4 tu, hadi 1.0889, kwa sababu C ni theluthi moja ya hesabu. Lakini R1 na S1 zimeshika P mara mbili, kwa hiyo zinapanda pipsi 8: R1 ya mwenzako ni 1.0930, yako ni 1.0938. Mtu anayeweka amri ya kukata hasara pipsi 10 juu ya mstari hawezi kuzipuuza pipsi 8.

Nani basi yuko sahihi? Kwa hesabu, wote. Kwa matumizi, mimi husimama na siku ya New York, kwa sababu moja tu: mistari hii haina nguvu yake yenyewe. Hakuna amri za benki zinazozaliwa kutokana na kugawa kwa tatu. Kinachofanya bei isite mahali fulani ni watu wengi kuangalia namba moja kwa wakati mmoja, na kwa jozi kama EURUSD, walio wengi wanaikata siku saa 11 jioni ya New York. Ukiwa na mstari wako wa peke yako, unasubiri mgeni kwenye kituo ambacho basi halisimami.

Tukija Jumatatu, tatizo ni lile lile lakini linauma zaidi. Soko linafunguka Jumapili saa 11 jioni ya New York, yaani saa 6 usiku kwetu kuamkia Jumatatu wakati wa kiangazi. Kwa seva ya GMT, Jumapili bado haijaisha: zimebaki saa tatu, na seva inazitengenezea mshumaa wake wa siku nzima. Fungua chati ya siku, yaani D1, uhesabu mishumaa ya wiki moja. Ukikuta sita badala ya mitano, na mmoja ni kijiti kidogo kilichobanwa kati ya Ijumaa na Jumatatu, hapo ndipo penye ugonjwa. Kiashiria cha pivoti hakijui kuwa hiyo ni Jumapili, kinaona tu "mshumaa uliotangulia" na kukichukua kama jana.

Tuuweke kwenye namba. Saa tatu hizo za usiku bei ilicheza kati ya 1.0890 na 1.0902, ikaishia 1.0894. P inakuwa takriban 1.0895, R1 ni 1.0901, S1 ni 1.0889, na hata R2 na S2 ziko 1.0907 na 1.0883. Mistari mitano imejaa ndani ya pipsi 24! London ikifungua, bei inaipita yote kwa mwendo mmoja. Nilikuwa na broka wa aina hiyo miaka yangu ya mwanzo, na Jumatatu moja nikanunua kwenye S1, nikanunua tena kwenye S2, nikanunua mara ya tatu kwenye S3, nikijiona nina nidhamu ya kufuata viwango, na kabla ya chakula cha mchana zote tatu zilikuwa zimekatwa. Nilichokuwa nikikifuata ni saa tatu za usingizi wa soko.

Kuna kipimo cha haraka ambacho huhitaji kiashiria chochote kukifanya. Ukitoa S1 kutoka R1, jibu ni H − L kamili, yaani upana wa jana. Katika mfano wetu wa kwanza, 1.0930 kutoa 1.0850 ni pipsi 80, na jana ilitembea pipsi 80. Kwa hiyo kila asubuhi pima umbali wa R1 hadi S1, kisha ujiulize kama kweli jana nzima bei ilitembea kiasi hicho tu. Pipsi 12 kwa EURUSD hakika si siku.

Dawa yake ni kuhesabu kwa mkono. Fungua chati ya saa moja moja, weka alama kwenye mshumaa wa saa 11 jioni ya New York, na uchukue juu, chini na kufungia kati ya alama hiyo na ya siku iliyotangulia, na kwa Jumatatu utumie Ijumaa. Kazi hiyo inachukua dakika tatu. Kama mnaandika viashiria vyenu wenyewe, kuna mtego mwingine mdogo: namba ya mshumaa.

```
double H = iHigh(_Symbol, PERIOD_D1, 1);
double L = iLow(_Symbol, PERIOD_D1, 1);
double C = iClose(_Symbol, PERIOD_D1, 1);
```

Ile 1 ya mwisho ndiyo jana. Ukiweka 0, unachukua siku ya leo ambayo haijaisha, na mistari yako itakuwa ikihama mchana kutwa kadiri bei inavyotembea, huku ukitazama nyuma inaonekana ilikuwa sahihi ajabu. Mstari wa pivoti uliohama saa 8 mchana ni mstari mbovu, kwa kuwa namba za jana haziwezi kubadilika leo.

Sasa R1. Kabla ya kuuza hapo, ni vizuri kujua R1 ni kitu gani hasa, maana jina lake la rezistansi linapotosha. Nimesema umbali wa R1 hadi S1 ni upana wa jana. Chukua ule upana kama fremu ya dirisha: jana fremu ilikuwa kati ya 1.0840 na 1.0920, leo fremu ile ile ya pipsi 80 imewekwa kati ya 1.0850 na 1.0930. Imeinuliwa pipsi 10. Kwa nini imeinuliwa? Kwa sababu jana bei ilifungia juu ya katikati ya siku, ambayo ni 1.0880. Ingefungia palepale katikati, R1 ingekuwa ndiyo bei ya juu ya jana na S1 ndiyo ya chini. Ingefungia chini yake, fremu yote ingeshushwa. Kwa hiyo kanuni inasema jambo la kiasi sana: leo huenda ikatembea kama jana, ikiegemea kidogo upande ambao jana iliishia. Haisemi chochote kuhusu wauzaji waliojipanga 1.0930.

Ukiielewa hivyo, unaona mara moja lini mistari haifai. Jana ikiwa sikukuu ya Marekani, soko lilisinzia, fremu ni nyembamba mno na bei ya leo itaitoka bila kutoa taarifa. Jana ikiwa Ijumaa ya takwimu za ajira za Marekani na bei ilikwenda pipsi 150, fremu ya Jumatatu ni pana kiasi kwamba R1 na S1 huenda zisiguswe kabisa, na unachobaki nacho chenye maana ni P peke yake. Mimi hulinganisha upana wa jana na ATR ya siku 14 kwenye chati ya D1, yaani wastani wa upana wa siku hizo. Ukiwa chini ya nusu yake au karibu mara mbili yake, ninaiacha mistari ya pembeni.

Siku ya kawaida, hivi ndivyo ninavyoitumia, na tuendelee na mfano wetu tukichukulia ni kiangazi. Saa 4 asubuhi London inafungua. Bei iko 1.0891, juu ya P iliyoko 1.0885, na kwangu hilo tu linatosha kunifanya nitafute kununua kabla ya kutafuta kuuza. Wengi wanaotazama mstari ule wataegemea upande huo huo hadi uvunjike. Mshumaa wa dakika 15 unachomoza chini hadi 1.0882, unarudi, unafungia 1.0889. Sikununua ulipogusa, nilingoja ufungie. Naingia 1.0890, amri ya kukata hasara naiweka 1.0876, chini ya utambi ule kwa nafasi ya kupumua, na ya kuchukua faida naiweka 1.0927, pipsi tatu kabla ya R1. Kwa loti 0.10 kila pipsi ni dola 1, hivyo ninahatarisha dola 14 kutafuta 37.

Kumbuka kuwa njiani kuna 1.0920, bei ya juu ya jana. Ninaiheshimu kuliko R1, kwa sababu hapo wauzaji walionekana kweli, kwa macho, si kwa hesabu. Saa 8 mchana bei iko 1.0918 na imesimama. Saa 9 na nusu alasiri kuna takwimu za Marekani. Mimi hapo ninafunga nusu ya biashara na kuisogeza amri ya kukata hasara mahali nilipoingilia. Mwingine angefunga yote, na singebishana naye.

Hapo ndipo swali lako linapojibiwa, maana kuanzia dakika hiyo kuna siku mbili tofauti. Siku ya kwanza, takwimu zinatoka kama zilivyotarajiwa, bei inapanda kivivu hadi 1.0933, na mshumaa wa dakika 15 unafungia 1.0924, ukiwa umerudi chini ya R1 na kuacha utambi juu. Leo imeshatembea sehemu kubwa ya upana wake, hakuna habari mpya, na waliovuka mstari wamenasa juu. Kuuza hapo kuna mantiki, ukilenga kwanza katikati ya njia kurudi P na kuweka kinga juu ya utambi. Siku ya pili, takwimu zinashangaza, mshumaa mmoja unatoka 1.0919 na kufungia 1.0941, mwili wake mzima ukiwa umevuka R1. Unaofuata unarudi hadi 1.0931, haufungii chini ya mstari, kisha unaondoka. Aliyeuza kwa kuwa tu "imegusa R1" ameshakatwa, na ule mstari sasa umegeuka sapoti ya anayenunua kuelekea R2 ya 1.0965. Mguso ulikuwa mmoja katika siku zote mbili. Kilichozitofautisha ni mahali mshumaa ulipofungia na kama kulikuwa na habari nyuma yake. Kwa hiyo hapana, usiuze kwa mguso, na usiuze kabisa kwenye R1 ikiwa imebaki chini ya nusu saa kabla ya takwimu kubwa.

Jambo lingine la kuangalia ni namba nzima zilizo jirani. Mchumi Carol Osler, aliyefanya kazi Benki ya Shirikisho ya Akiba ya New York, alichunguza amri halisi za wateja wa benki moja kubwa na katika kazi aliyoichapisha mwaka 2003 akaonyesha kuwa amri za kuchukua faida hurundikana kwenye bei zinazoishia na sufuri mbili, na amri za kukata hasara hurundikana nje kidogo ya bei hizo. Hakuwa akizungumzia pivoti, lakini kwetu inafaa: S2 yetu iko 1.0805, na chini yake kidogo iko 1.0800. Ukinunua S2 na kuweka kinga 1.0797, umeiweka kwenye kundi lile lile la amri ambazo zikianza kukatwa zinasukumana. Afadhali ungoje uone 1.0800 imefanya nini, kisha uamue.

Mwisho, usisahau kwamba kwa kawaida chati ya MetaTrader huchorwa kwa bei ya kuuzia, ile ya chini kati ya mbili. Ukiuza karibu na R1 na kuweka kinga 1.0938, biashara yako itafungwa kwa bei ya kununulia, ambayo iko juu ya chati kwa kiasi cha spredi. Spredi ikiwa pipsi 1.5, utakatwa chati ikionyesha 1.09365, na utadhani umeonewa. Ongeza spredi kwenye kinga ya kila biashara ya kuuza. Na kama biashara bado iko wazi usiku wakati siku ya New York inakatika, ongeza zaidi, kwa sababu dakika hizo watoaji wa bei hupungua na spredi hutanuka mara kadhaa ya ile uliyoizoea mchana. Uwe mwangalifu na saa yenyewe katika wiki zile za Machi na kati ya mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba ambapo Marekani na Ulaya hazibadilishi saa siku moja, na seva inayofuata saa za Ulaya hukaa kwa muda ikiikata siku saa moja pembeni ya New York.